Kutoka Ubadilishano hadi Mnyororo: Historia ya Uklorinishaji wa Alkani na Chanzo cha Uteuzi wa Bromini

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia jinsi wanakemia walivyofikia maelezo yanayokubalika leo kuhusu mmenyuko wa klorini na alkani, kuanzia wazo la ubadilishano la miaka ya 1830 hadi maelezo ya hali ya mpito ya mwaka 1955. Kwa kutumia mfano wa isobutani, makala yanaonesha kwa hesabu kwa nini klorini hutoa mchanganyiko ilhali bromini hutoa zao moja karibu peke yake. Hoja kuu ni kwamba "uteuzi" unaosemwa kuwa wa bromini si tabia ya bromini, bali ni sifa ya hatua moja ya mmenyuko, na kwamba historia ya ushahidi ndiyo inayotuwezesha kuitambua hatua hiyo.

1.0 Utangulizi

Kitenzi "kuteua" katika Kiswahili kinamtaka mtendaji mwenye nia. Mtu huteua, baraza huteua, jiwe haliteui. Kwa hiyo tunapoandika kwamba bromini "huteua" atomi fulani ya haidrojeni na kuiacha nyingine, msomaji hupewa picha ya bromini iliyo tulivu na makini, na klorini iliyo na pupa. Picha hiyo inavutia, na katika mazingira ya kawaida ya maabara haimpotoshi mtu. Hata hivyo, haielezi lolote, na kama itakavyoonekana katika sehemu ya 6.0, kuna mazingira ambamo inavunjika kabisa.

Istilahi zinazotumika hapa ni hizi. Alkani ni misombo ya kaboni na haidrojeni pekee ambayo vifungo vyake vyote ni vya mmoja mmoja. Methani ndiyo iliyo sahili kuliko zote. Uklorinishaji ni kuweka klorini mahali pa haidrojeni, na ubrominishaji ni kufanya vivyo hivyo kwa bromini. Radikali huru ni atomi au kundi la atomi lenye elektroni moja isiyo na mwenzake. Katika fomula hutiwa nukta, kama Cl• au CH3•.

2.0 Ubadilishano na maana ya kale ya radikali

Neno "radikali" lina asili ya Kilatini, katika neno lenye maana ya mzizi. Liliingia katika kemia ya Kifaransa mwishoni mwa karne ya 18, kwa Guyton de Morveau na Lavoisier, likiwa na maana ya sehemu ya msombo inayobaki ileile wakati sehemu nyingine zikibadilika. Hapakuwa na dhana ya uhuru katika neno hilo. Kinyume chake, radikali ilikuwa ni ile iliyofungwa ndani ya msombo na kuupa utambulisho wake.

Mwaka 1834 Jean-Baptiste Dumas, mwanakemia wa Paris, alieleza kanuni kwamba klorini inapotenda juu ya msombo wa kaboni inaweza kuondoa haidrojeni na kukaa mahali pake, kiasi kwa kiasi. Husimuliwa kwamba uchunguzi wake ulichochewa na mishumaa iliyotoa moshi wa kuwasha koo katika karamu kwenye kasri la Tuileries: nta yake ilikuwa imepaushwa kwa klorini, na ilipowaka ilitoa gesi ya HCl. Miaka michache baadaye Dumas alitumia mwanga wa jua na klorini kugeuza asidi ya asetiki kuwa asidi yenye klorini tatu mahali pa haidrojeni tatu, na akaona kwamba msombo huo mpya ulibaki kuwa asidi.

Matokeo hayo yaligusa nadharia iliyotawala wakati huo. Berzelius alifundisha kwamba vifungo hutokana na mvuto kati ya sehemu chanya na sehemu hasi. Iwapo haidrojeni ni chanya na klorini ni hasi, ya pili haiwezi kukaa mahali pa ya kwanza bila kuugeuza msombo mzima. Ubishi ulikuwa mkali kiasi kwamba mwaka 1840 Friedrich Wöhler alichapisha barua ya dhihaka, kwa jina la kubuni la S. C. H. Windler, akidai kwamba sasa atomi zote za chumvi moja ya manganisi, hata kaboni zake, zimebadilishwa kwa klorini na chumvi imebaki vilevile.

Dhihaka haikuzuia ukweli wa maabara, lakini ilidokeza upungufu wake. Dumas alikuwa ameonesha kinachoingia na kinachotoka. Hakuwa ameonesha njia ambayo badiliko hilo hupitia, wala sababu ya mwanga kuhitajika.

3.0 Mnyororo

Jibu kuhusu mwanga halikuanzia kwenye alkani. Lilianzia kwenye mmenyuko wa haidrojeni na klorini. Mwaka 1913 Max Bodenstein alieleza jambo lililopingana na matarajio: kila kipimo kimoja cha mwanga kilichofyonzwa kilizalisha molekuli maelfu kwa maelfu za HCl. Kama mwanga ungekuwa ukivunja molekuli mojamoja na kazi ikaishia hapo, hesabu isingezidi molekuli mbili. Mwaka 1918 Walther Nernst alitoa maelezo yaliyosimama: mwanga huzaa atomi za klorini, kila atomi hutenda na kuzaa atomi nyingine, na kazi hujirudia yenyewe bila mwanga zaidi.

Wakati huohuo neno "radikali" lilikuwa likipata maana mpya. Mwaka 1900 Moses Gomberg, katika Chuo Kikuu cha Michigan, alitoa taarifa ya radikali yenye kaboni iliyoweza kuishi peke yake nje ya msombo. Mwaka 1929 Friedrich Paneth na Wilhelm Hofeditz walionesha kuwapo kwa radikali nyepesi zaidi, CH3•. Walipitisha mvuke wa msombo wa risasi na methili katika bomba na kulipasha moto mahali pamoja. Risasi iliganda ukutani kama kioo. Kisha walipasha moto sehemu iliyotangulia, na kioo cha kwanza kikatoweka. Kitu fulani kilisafiri na mkondo wa gesi, kikaifikia risasi na kuichukua. Kitu hicho kilikuwa radikali ya methili, na muda wake wa kuishi ulikuwa sehemu ndogo sana ya sekunde.

Kwa kuunganisha njia hizi mbili, uklorinishaji wa methani unaelezwa kwa hatua tatu. Ya kwanza ni uanzishaji:

Cl2 + mwanga → 2 Cl•

Kuvunja kifungo cha Cl–Cl kunahitaji takriban kilojuli 243 kwa moli. Nishati hiyo hupatikana katika mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 490 hivi, yaani mwanga wa buluu unaokaribia kijani. Ndiyo maana mwanga wa jua ulimtosha Dumas. Hatua ya pili ni uendelezaji, nayo ina sehemu mbili zinazopokezana:

Cl• + CH4 → HCl + CH3•

CH3• + Cl2 → CH3Cl + Cl•

Sehemu ya kwanza inagharimu nishati kidogo, takriban kilojuli 7 kwa moli, kwa kuwa kifungo cha haidrojeni na methili (439) kina nguvu iliyo karibu sawa na ile ya H–Cl (432). Sehemu ya pili hutoa takriban kilojuli 107. Atomi ya klorini iliyotumika mwanzoni hurudishwa mwishoni, nayo huianza duru upya. Hatua ya tatu ni ukomeshaji: radikali mbili zinapokutana huungana, na minyororo miwili hufa kwa pamoja. Jambo hilo hutokea kwa nadra kwa sababu radikali ni chache mno zikilinganishwa na molekuli zinazozizunguka.

Hapa inafaa kutaja tatizo dogo la istilahi. Kiswahili hutumia "mnyororo" kwa mfuatano wa atomi za kaboni katika alkani na pia kwa mfuatano wa matukio haya. Wa kwanza ni kitu. Wa pili ni mwendo. Sentensi "mnyororo umekatika" inaweza kumaanisha kwamba molekuli imevunjika au kwamba mmenyuko umekoma, na mambo hayo mawili hayahusiani. Katika makala haya "mnyororo" ni mwendo tu.

Dalili za mnyororo zinaweza kupimwa. Kiasi kidogo cha oksijeni huchelewesha mmenyuko, kwa sababu oksijeni huzinasa radikali na kuzigeuza kuwa nyingine zisizo na kasi; oksijeni hiyo ikiisha, mmenyuko huendelea kama kawaida. Kizuizi kidogo kisingeweza kusimamisha kiasi kikubwa cha vitendanishi kama kila molekuli ingekuwa ikitenda peke yake.

4.0 Ushahidi wa mwaka 1940

Bado ilibaki njia nyingine iliyowezekana kwenye karatasi. Labda atomi ya klorini haichukui haidrojeni, bali huishambulia kaboni moja kwa moja na kuisukuma haidrojeni itoke ikiwa atomi huru:

Cl• + CH4 → CH3Cl + H•

Hesabu ya nishati haiipendelei njia hii, kwa kuwa inagharimu karibu kilojuli 90 kwa moli. Lakini hesabu peke yake huonesha kinachowezekana zaidi, si lazima kilichotokea. Ushahidi wa moja kwa moja ulitolewa mwaka 1940 na H. C. Brown, M. S. Kharasch na T. H. Chao.

Walichukua msombo wa 1-kloro-2-methilibutani ulio katika umbo moja tu kati ya maumbo mawili yanayofanana kama mkono wa kulia na wa kushoto. Msombo wa namna hiyo huzungusha mwanga uliopangwa katika bapa moja, na mzunguko huo hupimika. Kaboni inayoupa msombo sifa hiyo ina haidrojeni moja. Swali lilikuwa: klorini ikikaa mahali pa haidrojeni hiyo, umbo litabaki, litageuka, au litachanganyika?

Kama klorini ingeishambulia kaboni moja kwa moja na kuifukuza haidrojeni, zao lingepaswa kuwa la umbo moja, na mwanga ungezunguka. Kama haidrojeni huondolewa kwanza, hubaki radikali ambayo haina mkono wa kulia wala wa kushoto, na klorini inayokuja baadaye inaweza kuingia upande wowote. Walipolitenga zao lililopata klorini mahali hapo, yaani 1,2-dikloro-2-methilibutani, halikuzungusha mwanga. Maumbo yote mawili yalikuwamo kwa kiasi sawa. Radikali ilikuwa imepita hapo.

Kwa hiyo hatua inayoamua ni haidrojeni ipi itapotea ni ile ambayo Cl• huchukua haidrojeni. Matokeo haya ndiyo msingi wa maelezo yote ya uteuzi, kwa kuwa yanatuambia mahali pa kutazama.

5.0 Isobutani: klorini na bromini katika mizani moja

Isobutani ina kaboni moja katikati iliyozungukwa na kaboni tatu. Kaboni tatu za pembeni zina jumla ya haidrojeni 9, zinazoitwa za daraja la kwanza. Kaboni ya katikati ina haidrojeni 1 tu, ya daraja la tatu. Klorini ikichukua haidrojeni ya pembeni, zao ni kloridi ya isobutili. Ikichukua ile ya katikati, zao ni kloridi ya butili ya daraja la tatu. Mazao haya hutenganishwa kwa kukeneka, kwa kuwa la kwanza huchemka karibu na nyuzi 68 za Selsiasi na la pili karibu na nyuzi 51.

Kama haidrojeni zote zingekuwa sawa, asilimia 90 ya zao ingekuwa ya pembeni. Kwa klorini katika joto la kawaida la chumba, haidrojeni ya daraja la tatu huchukuliwa kwa kasi inayokaribia mara 5 ya ile ya daraja la kwanza. Hesabu ni rahisi: pembeni ni 9 × 1 = 9; katikati ni 1 × 5 = 5; jumla ni 14. Asilimia 64 huwa kloridi ya isobutili, na asilimia 36 ile ya daraja la tatu. Ni mchanganyiko usiomfaa anayetaka msombo mmoja.

Kwa bromini katika nyuzi 127 za Selsiasi, uwiano huo wa kasi si 5 bali ni karibu 1600. Pembeni hubaki 9. Katikati ni 1600. Jumla ni 1609. Zao la katikati ni zaidi ya asilimia 99. Wingi wa haidrojeni za pembeni haukupungua. Umezidiwa tu na tofauti ya kasi.

Tofauti hii isingetegemewa kwa kuangalia nguvu za vifungo pekee. Kifungo cha haidrojeni ya daraja la kwanza kina takriban kilojuli 423 kwa moli, na cha daraja la tatu takriban 404. Klorini ikichukua haidrojeni hizo hupata kifungo cha 432: kazi ya pembeni hutoa kilojuli 9 na ya katikati hutoa 28. Bromini hupata kifungo cha H–Br chenye kilojuli 366 tu: kazi ya pembeni hugharimu 57 na ya katikati hugharimu 38. Katika hali zote mbili, pengo kati ya pembeni na katikati ni lilelile, kilojuli 19. Halojeni hujitoa katika hesabu. Kwa nini basi pengo moja lizae 5 mahali pamoja na 1600 mahali pengine?

Kasi haiamuliwi na mwisho wa hatua, bali na kilele kinachopaswa kuvukwa, yaani hali ya mpito. Katika miaka ya 1930 R. P. Bell, na pia M. G. Evans na Michael Polanyi, walionesha kwamba katika familia ya mimenyuko inayofanana, badiliko la nishati ya mwisho huonekana kwenye kilele kwa sehemu tu. Mwaka 1955 George Hammond alieleza sehemu hiyo hutegemea nini: hali ya mpito hufanana zaidi na upande ulio karibu nayo kwa nishati.

Klorini inapochukua haidrojeni, hatua hushuka kwa nishati, na kilele huja mapema. Kifungo cha kaboni na haidrojeni kimelegea kidogo tu. Radikali bado haijaumbika, na ubora wa radikali moja kuliko nyingine haujaanza kuonekana. Uwiano wa 5 unalingana na tofauti ya kilojuli 4 hivi kwenye kilele, kati ya zile 19. Bromini inapofanya kazi hiyohiyo, hatua hupanda kwa nishati, na kilele huja kwa kuchelewa. Kifungo kimekaribia kukatika na radikali imekaribia kukamilika, hivyo karibu pengo lote huhesabiwa. Uwiano wa 1600 katika joto lile unalingana na kilojuli 24 hivi. Makadirio haya huiweka tofauti yote ya kasi katika nishati peke yake, kwa hiyo yasisomwe kama vipimo kamili. Ulinganifu wake na pengo la 19 ni wa ukubwa, si wa tarakimu.

6.0 Mipaka

Mipaka mitatu inastahili kutajwa. Wa kwanza ni joto. Katikati ya miaka ya 1930 H. B. Hass, E. T. McBee na Paul Weber, wa Chuo Kikuu cha Purdue, walichunguza uklorinishaji wa alkani kwa utaratibu na kuonesha kwamba joto likipanda, uwiano wa kasi za madaraja matatu hukaribia 1 kwa 1 kwa 1. Kwa hiyo takwimu ya uteuzi isiyotaja joto haijakamilika, na kulinganisha klorini katika nyuzi 25 na bromini katika nyuzi 127 kunaipunja bromini, si kuipendelea.

Wa pili ni gharama ya uteuzi wenyewe. Kwa kuwa hatua ya kwanza ya bromini inapanda, inaweza pia kurudi nyuma: radikali iliyozaliwa ikikutana na HBr huchukua haidrojeni na kuwa alkani tena. HBr inapojikusanya, ubrominishaji hupungua kasi. Alkani isiyo na haidrojeni ya daraja la tatu wala la pili hubrominishwa kwa shida, na methani hubrominishwa polepole kuliko inavyoklorinishwa.

Wa tatu ndio unaoivunja picha ya pupa na utulivu. Katika miaka ya 1957 na 1958 Glen Russell alionesha kwamba klorini ileile ikitenda katika kiyeyushi cha benzini ya pete, upendeleo wake kwa haidrojeni ya daraja la tatu huongezeka. Kwa 2,3-dimethilibutani uwiano hupanda kutoka takriban 4 hadi makumi kadiri benzini inavyozidi. Atomi ya klorini hushikamana kwa ulegevu na pete ya benzini, nishati yake hushuka, na kilele cha kuchukua haidrojeni husogea upande wa mwisho. Kama pupa ingekuwa tabia ya klorini, isingeondolewa na kiyeyushi.

7.0 Hitimisho

Dumas alijua kwamba klorini hukaa mahali pa haidrojeni. Bodenstein na Nernst walieleza kwa nini mwanga kidogo hufanya kazi kubwa. Brown, Kharasch na Chao walionesha ni hatua ipi inayoamua, na Hammond akaeleza kwa nini hatua hiyo huhesabu tofauti ileile kwa mizani mbili. Kila mmoja alijibu swali ambalo mtangulizi wake aliliacha wazi, na hakuna jibu mojawapo lililotokana na sifa za tabia.

Waandaaji wa vitabu na kamusi za sayansi hawalazimiki kuliacha neno "uteuzi"; limezoeleka na ni fupi. Ila fasili yake iandikwe kama uwiano wa kasi za kuchukua haidrojeni za madaraja tofauti, katika joto na kiyeyushi vilivyotajwa, na isiandikwe kama "uwezo wa halojeni wa kuchagua". Fasili ya kwanza humwezesha mwanafunzi kukokotoa 64 kwa 36 ya isobutani na kutambua kwamba matokeo ya Russell hayapingani na kanuni. Fasili ya pili humwacha bila la kusema mara tu benzini inapoingia katika chupa.